Kurudisha folda ilivyokuwa jana kwa Previous Versions ya Windows

Swali hili huja kwa sura nyingi. Mmoja amesevu juu ya faili ya zamani, mwingine amefuta folda ndogo akidhani ni takataka, mwingine mwenzake wa ofisini "amepanga vizuri" folda ya pamoja na sasa hakuna kinachoonekana. Wote wanataka kitu kimoja: folda irudi ilivyokuwa jana. Na wote hupewa jibu lile lile la haraka: fungua kichupo cha Previous Versions kwenye Properties za folda, bofya Restore.

Jibu hilo ni nusu tu. Kitufe cha Restore hakiirudishi folda ilivyokuwa jana. Kinachukua faili za jana na kuzimimina juu ya za leo, kisha hakuna njia ya kutendua. Mwongozo huu unaonyesha njia ndefu kidogo ambayo haikupotezei kazi ya leo unapotafuta ya jana.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

- Kompyuta yenye Windows 10 au 11. Windows 7 nayo inafaa, ila badala ya Restore to utaona kitufe cha Copy. Kwenye Windows 8 kichupo hiki kiliondolewa kwa diski za ndani, kisha kikarudi katika Windows 10.
- Folda iliyo kwenye diski ya mfumo wa NTFS. Flashi na memori kadi nyingi ni FAT32 au exFAT, na hizo hazina kitu hiki.
- Nafasi tupu ya kutosha kuhifadhi folda nzima mara ya pili.
- Akaunti ya msimamizi wa kompyuta, kwa amri za `vssadmin` na `mklink` zilizo mbele huko na kwa sehemu ya mwisho ya mwongozo huu tu.
- Na muhimu kuliko yote: picha iliyopigwa jana.

Hilo la mwisho linahitaji maelezo machache. Windows haiandiki kila badiliko unalofanya. Inachofanya ni kupiga picha ya diski kwa wakati fulani, na kichupo cha Previous Versions huonyesha picha hizo. Zinatoka sehemu mbili. Ya kwanza ni System Protection, ambayo hutengeneza nakala kivuli ya diski kila inapoweka restore point. Ya pili ni File History, ambayo hunakili faili zako kwenye diski ya nje au ya mtandao, kwa kawaida kila saa moja, ikiwa umeiwasha.

Watu wengi hudhani restore point huwekwa kila siku. Sivyo. Kwenye Windows za sasa huwekwa kabla ya masasisho au kabla ya kusakinisha baadhi ya programu na madereva, na kama siku 7 zimepita bila hata moja, mfumo hujiwekea. Kwa hiyo inawezekana kabisa picha ya jana haipo, ipo ya juzi. Na ikiwa ipo, "jana" maana yake ni saa ile picha ilipopigwa. Picha ya saa sita mchana haijui ulichoandika saa kumi alasiri.

## Mfano tutakaoufuata

Tuseme folda ni `D:\Kazi\Ripoti`, na picha ilipigwa jana saa sita mchana. Tangu asubuhi ya leo yametokea haya:

- `bajeti.xlsx` imesevuliwa juu yake jedwali lisilo lake.
- Folda ndogo ya `Picha` imefutwa.
- `orodha.docx` imebadilishwa jina kuwa `orodha-mpya.docx`.
- `barua.docx` ni faili mpya, imeandikwa leo, jana haikuwepo.
- `maelezo.docx` ilikuwepo jana, na leo imeongezwa kurasa mbili nzuri.

Ukibofya Restore moja kwa moja, bajeti itarudi na `Picha` itarudi, na utafurahi. Lakini `orodha.docx` itaibuka tena kando ya `orodha-mpya.docx`, na sasa una orodha mbili bila kujua ipi ndiyo. `barua.docx` itabaki palepale, kwa sababu Restore haifuti faili ambayo haikuwepo jana. Hasara ya kweli iko kwenye `maelezo.docx`: kurasa mbili za leo zitafunikwa na faili ya jana, kimya kimya, na hutazipata tena. Mtu huligundua hilo baada ya siku kadhaa, akiwa hakumbuki hata lilitokeaje.

## Hatua

1. Acha kugusa folda hiyo. Funga Word, Excel na programu yoyote iliyofungua faili zake. Faili iliyo wazi hushikiliwa na programu yake na haibadilishiki. Kama folda inasawazishwa na OneDrive, sitisha usawazishaji kwanza, la sivyo kila utakachojaribu kitapelekwa kwenye kompyuta nyingine. Usinakili vitu vikubwa kwenye diski hiyo kwa sasa. Nakala kivuli hukaa kwenye diski yenyewe katika nafasi iliyowekewa mpaka, na nafasi hiyo ikijaa picha ya zamani zaidi hufutwa.

2. Fungua kichupo. Bofya folda ya `Ripoti` mara moja, kisha bonyeza Alt na Enter pamoja. Dirisha la Properties likifunguka, nenda Previous Versions. Orodha huchukua muda kidogo kutokea, hasa diski ikiwa kubwa. Subiri kabla ya kuamua kwamba hakuna kitu.

3. Chagua picha inayofaa. Picha hupangwa kwa siku. Usichague kwa jina la siku, chagua kwa saa: unataka picha ya mwisho *kabla* ya uharibifu. Kama bajeti iliharibika leo saa tatu na kuna picha ya leo saa mbili, hiyo ni bora kuliko ya jana.

4. Bofya Open. Uteuzi ukiwa kwenye picha uliyoichagua, bofya Open wala si Restore. Litafunguka dirisha linalofanana kabisa na folda ya kawaida, na hapo ndipo watu huchanganyikiwa. Tazama sehemu ya anwani juu ya dirisha: inapaswa kuonyesha tarehe na saa ya picha. Ndani yake huwezi kusevu wala kufuta chochote, kwa hiyo tembea bila hofu. Hakikisha folda ya `Picha` ipo. Hakikisha ukubwa na tarehe ya `bajeti.xlsx` ni za kabla ya leo. Kama sivyo, funga, rudi hatua ya 3, chukua picha nyingine.

5. Nakili kila kitu kwenda pembeni. Tengeneza folda mpya, mfano `D:\Jana\Ripoti`. Kama folda ni nzito, itengeneze kwenye diski nyingine badala ya D, na ubadilishe herufi hiyo kwenye amri zinazofuata. Rudi kwenye dirisha la picha, bonyeza Ctrl+A, kisha Ctrl+C, halafu bandika kwenye folda mpya.

6. Fungua faili kutoka kwenye nakala. Fungua bajeti, tazama namba zake. Fungua faili mbili tatu za folda ya `Picha`. Fanya hivi kwenye nakala uliyoitoa, usifungue faili moja kwa moja ndani ya dirisha la picha, maana baadhi ya programu hushindwa kuisoma njia hiyo na utadhani faili imeharibika kumbe ni nzima.

7. Linganisha jana na leo. Kama folda ina faili chache, macho yanatosha. Kama zina mamia, fungua Command Prompt uandike:

```
robocopy "D:\Jana\Ripoti" "D:\Kazi\Ripoti" /E /L
```

Herufi `/L` ndiyo inayokulinda hapa. Inaiambia amri iorodheshe tu bila kunakili kitu. Usiisahau. Katika majibu, New File ni faili iliyokuwepo jana na leo haipo: hapa utaona faili za `Picha` zilizofutwa na `orodha.docx`. Older ni faili ambayo ya jana ni nzee kuliko ya leo, yaani imeguswa tangu picha ipigwe: `bajeti.xlsx` na `maelezo.docx`. EXTRA File ni iliyopo leo na jana haikuwepo: `barua.docx` na `orodha-mpya.docx`. Faili ambazo hazikubadilika hazitajwi, na hilo ndilo hupunguza kazi. Folda ya mamia ya faili mara nyingi huacha mistari michache tu ya kuamua.

8. Badilisha folda kwa majina. Sasa unaweza kuirudisha folda ya jana bila mchanganyiko. Ipe folda ya leo jina jipya, `Ripoti-leo`, ikae hapo hapo ndani ya `D:\Kazi`. Kisha hamisha `D:\Jana\Ripoti` iingie `D:\Kazi`. Kwa hatua hizo mbili `D:\Kazi\Ripoti` ni folda ya jana tupu, bila faili ya ziada, na ya leo haijapotea hata herufi.

9. Rudisha kazi nzuri ya leo. Ukitumia orodha ya hatua ya 7, chukua kutoka `Ripoti-leo` vile tu unavyovitaka. Katika mfano wetu ni `barua.docx` na `maelezo.docx`. Kwa orodha, chagua jina moja ubaki nalo. Iache `Ripoti-leo` siku kadhaa kabla ya kuifuta, mpaka kila anayetumia folda hiyo amefungua kazi zake.

Angalizo kuhusu hatua ya 8: kama folda yenyewe ndiyo iliyoshirikishwa kwenye mtandao, usiibadilishe jina, kwa sababu ushirikishaji utakatika na wenzako hawataiona. Badala yake hamisha vilivyomo ndani yake kwenda folda ya `Ripoti-leo`, kisha ingiza vya jana.

## Makosa yanayojirudia

Kosa kubwa kuliko yote ni kuendesha System Restore ya kompyuta nzima kwa ajili ya folda moja. Majina yanafanana, kazi si moja. System Restore hurudisha mipangilio ya mfumo, madereva na programu, na haikusudiwi kurudisha nyaraka zako. Utaondoa programu ulizosakinisha juzi na bajeti itabaki vile vile imeharibika.

La pili ni kusafisha diski katikati ya kazi. Disk Cleanup ina sehemu ya System Restore and Shadow Copies inayofuta restore point zote isipokuwa ya mwisho. Mtu hupungukiwa nafasi kwenye hatua ya 5, anasafisha, na picha ya jana inaondoka nayo. Ukipungukiwa nafasi, chomeka diski ya nje.

Je, kuna wakati Restore yafaa? Ndiyo. Kama faili zilifutwa tu na hakuna aliyefanya kazi ndani ya folda tangu hapo, au kama ni faili moja na una hakika ya leo haina thamani, itumie. Menyu ya Restore to ni salama zaidi, kwa kuwa inakuuliza pa kuweka nakala badala ya kufunika.

## Ikigoma

Kichupo kinasema "There are no previous versions available". Fungua Command Prompt kama msimamizi, uulize moja kwa moja kama diski ina picha:

```
vssadmin list shadows /for=D:
```

Ikijibu "No items found that satisfy the query", diski hiyo haina nakala kivuli hata moja, na kama File History nayo haikuwa imewashwa, njia hii haina cha kukupa. Tafuta nakala rudufu kwingine. Ikileta orodha yenye tarehe, picha zipo, na tatizo ni namna unavyoitafuta folda.

Folda yenyewe imefutwa, hakuna cha kubofya. Fungua Previous Versions ya folda mama, yaani `D:\Kazi`, ingia kwenye picha, utaikuta `Ripoti` ndani. Ukitaka, unaweza pia kutengeneza folda tupu yenye jina lile lile mahali pale pale. Windows hutafuta kwa njia na jina, kwa hiyo folda hiyo tupu itaonyesha picha za iliyofutwa. Kwa sababu hiyo hiyo, folda iliyobadilishwa jina huonekana haina historia. Historia yake iko kwenye jina la zamani, na utaipata kupitia folda mama.

Kunakili kunakataa kwa sababu jina ni refu mno. Njia ya kuifikia picha huongeza herufi nyingi mbele ya njia ya kawaida, na folda zenye ngazi nyingi huvuka mpaka wa herufi 260. Fupisha njia kwa kiungo. Katika majibu ya `vssadmin` tafuta mstari wa Shadow Copy Volume wa tarehe unayoitaka, uone namba yake mwishoni. Kama ni 3:

```
mklink /d C:\jana \\?\GLOBALROOT\Device\HarddiskVolumeShadowCopy3\
```

Mkwaju wa mwisho ni lazima. Ukiuacha, kiungo kitatengenezwa lakini hakitafunguka. Ingia `C:\jana`, nakili unachotaka, kisha ondoa kiungo kwa `rmdir C:\jana`. Hilo linaondoa kiungo tu, picha haiguswi.

Faili zinarudi lakini hazifunguki. Hili huwakuta walio na folda kwenye diski C. Tangu Windows 8, picha ya diski ya mfumo inayopigwa na System Restore hulinda faili za mfumo tu. Nyaraka zako zinaweza kuonekana ndani yake kwa jina na ukubwa sahihi huku yaliyomo si ya kutegemewa. Ndiyo maana hatua ya 6 haipaswi kurukwa. Kama unahifadhi kazi kwenye Documents au Desktop, ulinzi wako wa kweli ni File History.

Jana picha ilikuwepo, leo haipo. Nafasi imejaa na ya zamani imesukumwa nje. `vssadmin list shadowstorage` inaonyesha kiasi kilichotumika na mpaka uliowekwa.

Folda iko kwenye seva ya ofisi. Kichupo hapo huonyesha picha za seva, si za kompyuta yako. Ratiba ya kawaida ya Windows Server, ikiwashwa bila kubadilishwa, ni saa moja asubuhi na saa sita mchana, Jumatatu hadi Ijumaa, na kila diski hubeba picha zisizozidi 64. Jumatatu kabla ya saa moja asubuhi, picha ya karibuni ni ya Ijumaa mchana.

## Ili kesho picha ya leo iwepo

Bonyeza Windows+R, andika `SystemPropertiesProtection`, chagua diski D, bofya Configure, kisha Turn on system protection na usogeze kipimo cha Max Usage. Mpaka ukiwa mdogo sana, picha hazitadumu hata siku mbili kwenye folda inayobadilika sana.

Hapo diski imekubali kupigwa picha, lakini bado si kila siku. Ili kupiga picha unapotaka, fungua Windows PowerShell kama msimamizi:

```
(Get-WmiObject -List Win32_ShadowCopy).Create("D:\", "ClientAccessible")
```

Amri hii inafanya kazi kwenye Windows PowerShell 5.1 inayokuja na mfumo, si kwenye PowerShell 7. Jibu lenye `ReturnValue : 0` maana yake picha imepigwa. Ikikubali, iweke kwenye Task Scheduler iendeshwe kila siku saa unayoipenda, ukiweka alama kwenye Run with highest privileges, maana bila hiyo itakuwa inashindwa kila siku bila kukuambia. Siku inayofuata badilisha faili moja ndani ya folda, kisha fungua Previous Versions uone kama saa ya jana imeorodheshwa.

Picha hizi ziko kwenye diski ile ile ya folda. Diski ikifa zinakufa nayo, na virusi vya kudai fidia kwa kawaida huzifuta kwanza kabla ya kufunga faili. Kazi usiyoweza kuirudia inahitaji pia nakala kwenye diski nyingine, inayochomolewa ikimaliza kunakili.